Ankara ya wakili au mhasibu isiyozua ubishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeandaa ankara za ofisi ya mawakili Dar es Salaam kwa miaka mingi, kisha nikahamia kwa wahasibu ambako kazi ni ileile: kugeuza siku za watu kuwa mistari ambayo mteja ataisoma na kuilipa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na mawakili vijana, wahasibu wanaoanza ofisi zao, na wahudumu wa ofisi wanaotupiwa kazi ya ankara bila kufundishwa. Mifano ya kodi ni ya Tanzania Bara.

Mteja anapopinga ankara, anapinga nini hasa?

Mara nyingi hapingi bei. Bei aliijua tangu siku ya kwanza, au angalau alijua ni shilingi ngapi kwa saa. Anachopinga ni mstari asioutambua. Anausoma, anajaribu kukumbuka siku ile palitokea nini, hakumbuki kitu, na kuanzia hapo anatilia shaka hata mistari aliyoikubali dakika moja kabla.

Dalili yake inajulikana. Mteja mwenye hoja ya kweli hunyooshea mstari kidole: "Tarehe 12 sikuwepo mjini, simu hii niliongea na nani?" Mteja asiyeielewa ankara hasemi hivyo. Atasema, "Naomba mnipunguzie kidogo," bila kutaja mstari wowote, au atanyamaza wiki tatu. Ukiombwa punguzo la jumla jumla, usikimbilie kufikiri kwamba mteja hana hela. Chukua ankara yako uisome kana kwamba wewe ndiye uliyeipokea.

Mstari wa maelezo ulionyooka una nini ndani yake?

Una mambo matatu, na ninayatafuta kila ninapokagua ankara kabla haijatoka. La kwanza ni tendo: ulisoma, uliandika, ulipiga simu, ulihudhuria. La pili ni kitu kilichotendewa, kikitajwa kwa namna ambayo mteja anaweza kukishika mkononi: mkataba gani, barua ya tarehe ngapi, kikao na nani. La tatu ni kilichotokea baada ya hapo: barua ilitumwa, kikao kiliahirishwa, mliamua jambo fulani.

Hilo la tatu ndilo linaloachwa, nalo ndilo linalomtuliza mteja. "Kuhudhuria kikao, saa 2.3" ni malipo ya mtu kukaa kwenye kiti. "Kuhudhuria kikao na wakili wa mpangishaji, wamekubali kuondoa notisi" ni malipo ya kitu ambacho mteja amekipata. Muda ni uleule na shilingi ni zilezile.

Kuna maneno nikiyaona kwenye rasimu nairudisha kwa aliyeiandika: "kushughulikia faili", "ufuatiliaji", "mawasiliano mbalimbali", "ushauri wa jumla", "kupitia nyaraka". Huenda kila moja lina kazi halisi nyuma yake. Ila mteja haioni hiyo kazi, na hawezi kulipia kwa moyo mweupe kitu asichokiona.

Tunaweza kuona ankara moja iliyorekebishwa mwanzo hadi mwisho?

Ninatumia mfano huu ninapofundisha. Nimeutunga kwa sura ya kazi za kila siku za ofisi yoyote ya mawakili mjini. Kampuni ndogo inayouza vifaa vya umeme imepanga ghala. Mpangishaji ameipa notisi ya siku 30 ihame. Mkurugenzi wa kampuni anamwendea wakili ambaye ada yake ni shilingi 200,000 kwa saa, na makubaliano hayo yameandikwa na kusainiwa. Mwezi unaisha, kesi haikufika mahakamani, mpangaji amebaki kwenye ghala lake. Rasimu ya kwanza ya ankara ina mstari mmoja:

"Huduma za kisheria na ushauri kuhusu mgogoro wa pango, Machi: saa 11.3, TSh 2,260,000."

Hesabu iko sawa, na kazi imefanyika kweli, tena imeleta matokeo. Hata hivyo ankara hii itapingwa, kwa sababu mkurugenzi anakumbuka vitu viwili tu: simu moja fupi na barua moja. Hawezi kuona simu na barua vinafikaje milioni mbili na ushee.

Sasa tunarudi kwenye daftari la muda la wakili na kuandika upya:

4 Machi. Kusoma mkataba wa pango (kurasa 22) na notisi ya mpangishaji ya 27 Februari. Notisi imetoa siku 30. Kifungu cha 14 kinataka siku 90. Saa 1.8, TSh 360,000.

5 Machi. Simu kwako kueleza kifungu cha 14 na njia mbili zilizopo. Umeagiza tuanze kwa barua, tusiende mahakamani kwanza. Saa 0.4, TSh 80,000.

6 Machi. Kuandika barua ya kurasa 3 kwa mpangishaji kupinga notisi. Rasimu ilitumwa kwako jioni hiyo. Saa 2.5, TSh 500,000.

7 Machi. Kurekebisha aya ya 4 ya barua kwa kufuata stakabadhi za pango ulizoleta. Barua ilipelekwa kwa mkono na kusainiwa kupokelewa. Saa 0.6, TSh 120,000.

14 Machi. Kusoma majibu ya wakili wa mpangishaji (kurasa 5) na kukuandikia barua pepe yenye mapendekezo yetu. Saa 1.2, TSh 240,000.

18 Machi. Kikao na mpangishaji na wakili wake, ofisini kwao Upanga, ukiwepo. Notisi imeondolewa, pango litapanda kwa asilimia 8 kuanzia Julai. Saa 2.3, TSh 460,000.

18 Machi. Safari ya kwenda na kurudi Upanga. Saa 0.8, haikutozwa.

20 Machi. Kuandaa nyongeza ya mkataba (kurasa 4) yenye makubaliano ya kikao. Ilitumwa kwa pande zote mbili kwa ajili ya kusainiwa. Saa 1.7, TSh 340,000.

Jumla ni saa 10.5 zilizotozwa, TSh 2,100,000 kabla ya VAT.

Angalia jumla ilivyoshuka kwa shilingi 160,000. Hakuna aliyeomba punguzo. Wakili mwenyewe, alipolazimika kuiandika safari peke yake, aliona kwamba haiwezi kusimama: ofisi zote mbili ziko mjini, na makubaliano hayakutaja kutoza muda wa barabarani. Ndani ya mstari mmoja wa saa 11.3 safari ile ilikuwa imejificha, hata yeye hakuiona. Hii ndiyo faida ambayo wengi hawaitarajii: maelezo yaliyonyooka humkagua mwandishi kabla hayajamfikia mteja.

Angalia pia mstari wa 5 Machi. Una neno "umeagiza". Kila agizo la mteja liingie kwenye ankara kwa tarehe yake. Mwezi wa sita, mtu akiuliza kwa nini hamkwenda mahakamani mapema, jibu liko kwenye karatasi ambayo yeye mwenyewe aliipokea na kuilipa.

Kwa nini "saa 1.8" inaleta ugomvi?

Kwa sababu wengi huisoma kama saa moja na dakika nane. Nilishawahi kukaa mezani na mteja, mama mwenye biashara kubwa na hesabu kali, akanigeuzia kikokotoo chake. "Mwanangu, saa moja na dakika nane kwa laki mbili haifiki hata laki mbili na thelathini. Hii laki tatu na sitini imetoka wapi?" Kwa alivyoisoma, alikuwa sahihi kabisa. Ofisi ilikuwa imetuma ankara za namna hiyo miaka yote bila kumweleza mtu.

Ofisi nyingi hugawa saa katika sehemu kumi, kila sehemu dakika sita. Kwa hiyo 1.8 ni saa moja na dakika 48, na 0.4 ni dakika 24. Weka sentensi moja juu ya jedwali: "Muda umeandikwa kwa sehemu za kumi za saa; 0.1 ni dakika 6." Au acha desimali kabisa, andika "saa 1 dak. 48" na ubaki na desimali kwenye hesabu zako za ndani. Mimi napenda njia ya pili kwa wateja wa kawaida. Kampuni kubwa zenye idara ya fedha huwa zinataka desimali kwa sababu wanaziingiza kwenye jedwali lao.

Na ukifupisha au kurefusha muda, sema unafanyaje. Kama simu ya dakika mbili inahesabiwa 0.1, hilo liwe kwenye barua ya makubaliano ya kazi kabla simu ya kwanza haijapigwa.

Naweza kuunganisha kazi za siku nzima kwenye mstari mmoja?

Usifanye hivyo, hata kama zote ni za faili moja. "Kusoma majibu, kuongea na mteja, kuandaa nyongeza ya mkataba na kupeleka nyaraka, saa 5.2" ni mstari ambao hauwezi kutetewa. Mteja akiona kupeleka nyaraka hakustahili kutozwa kwa bei ya wakili, hana njia ya kukitoa kipande hicho. Atakachofanya ni kuupinga mstari mzima. Yaani dakika 20 za kupeleka karatasi zimeziweka rehani saa tano za kazi ya maana.

Kanuni ninayoifuata: tendo moja, mstari mmoja, muda mmoja. Matendo mawili yanaweza kukaa pamoja pale tu la pili lisipoweza kuwepo bila la kwanza, kama kusoma barua na kuijibu papo hapo.

Palipo na watu wawili kwenye kazi moja, mwandikie kila mmoja mstari wake na useme alifanya nini. Mawakili wawili kwenye kikao kimoja ni swali ambalo mteja ataliuliza, tena kwa haki. Kama mmoja alijadiliana na mwingine aliandika kumbukumbu, sema hivyo. Kama wa pili alikuja kujifunza, andika jina lake na "haikutozwa".

Niandike kwa urefu gani, na kwa lugha gani?

Mistari miwili ya karatasi inatosha karibu kila kazi. Ikizidi hapo, aidha umeunganisha matendo, aidha umeanza kujitetea. Maneno kama "kwa kina", "kwa umakini mkubwa" na "kazi nzito" yaondoe yote. Idadi ya kurasa inasema uzito wa kazi vizuri zaidi kuliko sifa.

Lugha iwe ile uliyotumia ukiongea na mteja. Mtu aliyekueleza shida yake kwa Kiswahili, ukampigia simu kwa Kiswahili, kisha ukamtumia ankara ya Kiingereza cha mahakamani, umemfungia mlango. Ataitafutia mkalimani, na mkalimani huyo mara nyingi ni ndugu yake ambaye hakuwepo siku hata moja. Kama kumbukumbu za ofisi zinahitaji Kiingereza, jedwali la maelezo linalokwenda kwa mteja bado linaweza kuwa la Kiswahili.

Mstari uandikwe lini?

Siku ileile kazi inapofanyika, ikiwezekana kabla hujafungua faili lingine. Hapa ndipo ankara nyingi huharibika, wiki tatu kabla hazijachapwa. Wakili anayekaa tarehe 30 kujaza mwezi mzima hakumbuki barua ilikuwa na kurasa ngapi, anakumbuka tu kwamba "siku ile nilikuwa na faili la ghala". Kwa hiyo anaandika "kushughulikia faili". Maneno yale mabovu kwa kawaida ni alama ya kumbukumbu iliyokwisha kufifia.

Utaitambua ankara iliyojazwa mwishoni mwa mwezi kwa namba zake. Muda wote ni wa duara: saa 1, saa 2, saa 3. Kazi halisi haiishi kwenye saa kamili kila mara, na mteja makini analiona hilo hata kama halisemi.

Wakili mmoja niliyefanya naye kazi hakuwahi kupenda kompyuta. Alikuwa na daftari dogo la mistari kwenye mfuko wa koti, na kila alipokata simu aliandika tarehe, jina, dakika, na neno moja la matokeo. Ankara zake ndizo nilizoziandaa kwa haraka kuliko za wenzake wote.

Kazi ambayo sitaitoza, niiandike au niiache?

Iandike pamoja na muda wake, kisha andika "haikutozwa". Mteja asipoona ulichomsamehe, hawezi kujua kwamba umesamehe. Lakini liwe jambo la kweli. Ukijaza ankara kwa simu za dakika tatu "zisizotozwa" ili uonekane mkarimu, mteja atauliza kwa nini zile nyingine za dakika sita zimetozwa.

Ofisi yangu ni ya uhasibu na ada ni ya mkupuo. Maelezo yananihusu?

Yanakuhusu zaidi ya unavyodhani. Ada ya kuandaa hesabu za mwaka na ritani ya kodi mmeikubaliana, na mteja hana shida nayo. Ugomvi wa wahasibu hukaa kwenye mstari unaofuata: "Kazi ya ziada, TSh 600,000."

Kazi ya ziada inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye mfuko wa risiti. Mliafikiana kwamba mteja ataleta daftari la fedha lililojazwa. Akaleta bahasha za risiti na taarifa za benki. Umefanya kazi ambayo haikuwa yako, unastahili kulipwa. Lakini "kazi ya ziada" haisemi lolote kati ya hayo. Linganisha na huu:

"12 hadi 16 Januari. Kulinganisha taarifa za benki za Oktoba hadi Desemba na risiti, kwa kuwa daftari la fedha la miezi hiyo halikujazwa (tazama kipengele cha 3 cha makubaliano). Miamala 412, 37 haikuwa na risiti, orodha yake ilitumwa kwako 16 Januari. Saa 12, kwa bei ya karani wa hesabu TSh 50,000, TSh 600,000."

Mstari huu umerefuka kidogo, na ninauruhusu, kwa sababu unabeba sababu ya kutozwa. Una namba ya kipengele, una hesabu ya miamala, una kitu ambacho mteja alishakipokea mkononi. Umeonyesha pia kwamba kazi ilifanywa na karani kwa bei ya karani.

Mwambie mteja kabla ya kuanza, siyo kwenye ankara. Ujumbe wa simu wa sentensi mbili siku ya 12 Januari, "daftari halijajazwa, tukilijaza sisi itachukua kama saa 12 kwa 50,000, tuendelee?", una nguvu kuliko aya nzima ya maelezo mwezi wa pili. Hakuna maandishi yanayoweza kuokoa jumla ambayo mteja hakuitegemea.

Nikieleza sana, si nitafichua siri za mteja?

Hili ni swali zito, na wengi hulifikiria wakiwa wamechelewa. Ankara haibaki kwa mkurugenzi. Inakwenda kwa mhasibu wake, kwa mkaguzi wa hesabu wa nje, na siku moja inaweza kuwa mezani kwa ofisa wa TRA anayehakiki matumizi ya kampuni. Mstari unaosema "kutafiti kama malipo kwa mkurugenzi yanaweza kutotajwa kwenye ritani" utamponza mteja hata kama jibu ulilompa lilikuwa "hapana".

Taja mada, usitaje hofu ya mteja wala maoni yako. "Utafiti kuhusu kodi ya malipo kwa wakurugenzi, ushauri wa maandishi ulitumwa 9 Mei" inatosha: mteja ana ushauri wenyewe, atajua unasemea nini. Kwenye mfano wa ghala nilitaja siku 30 na siku 90 bila wasiwasi kwa sababu hoja hiyo ilishaandikwa kwenye barua kwa mpangishaji. Mapendekezo ya 14 Machi sikuyaeleza, kwa sababu yalikuwa ya mteja peke yake.

Njia ninayoipenda ni karatasi mbili. Ankara ya kodi iwe fupi: huduma gani, kipindi gani, kiasi gani, VAT. Jedwali la maelezo liwe kiambatisho, liende kwa mtu aliyekupa kazi, limeandikwa "siri" juu. Idara ya fedha ikilipa kwa ankara fupi, jedwali halina haja ya kuzunguka.

VAT na kodi ya zuio zikae wapi kwenye ankara?

Ziandike mwishoni, kila moja kwenye mstari wake, na uonyeshe kiasi kitakachoingia benki. Kwa mfano wetu:

Ada: TSh 2,100,000
VAT asilimia 18: TSh 378,000
Jumla ya ankara: TSh 2,478,000
Kodi ya zuio asilimia 5 ya ada, italipwa TRA na mteja: TSh 105,000
Kiasi cha kumlipa wakili: TSh 2,373,000

Kodi ya zuio hukokotolewa kwenye ada kabla ya VAT. Kosa la kila mara ni kampuni kukata asilimia 5 ya 2,478,000, yaani 123,900, na wakili anabaki akitafuta shilingi 18,900 zilizopotea. Ukiandika hesabu yote kwenye ankara, kosa hilo linaisha karibu lote. Ongeza mstari wa kuomba cheti cha kodi ya zuio, maana bila cheti hicho utapata taabu kudai kiasi hicho kwenye hesabu zako za mwisho wa mwaka.

Na hapa kuna sababu ya kifedha ya kuogopa ankara yenye ubishi. VAT haingoji mteja alipe. Ukishatoa ankara ya kodi, VAT yake inaingia kwenye ritani ya mwezi huo, na ritani na malipo hufanyika kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja akikaa na ankara miezi mitatu akibishana, wewe shilingi 378,000 ulishazilipa kutoka mfukoni. Ndiyo maana kuna ofisi zinazotuma kwanza jedwali la maelezo kama rasimu, zinampa mteja siku tano aulize, kisha zinatoa ankara ya kodi yenye stakabadhi ya EFD. Utaratibu huo ni mzuri, mradi usiutumie kuchelewesha ankara ya kazi iliyokamilika.

Gharama nilizotanguliza kwa niaba ya mteja ziandikwe vipi?

Ziwe kwenye sehemu yake, chini ya ada, kila moja na tarehe, aliyelipwa na namba ya stakabadhi. Ada ya mahakama au ya BRELA uliyoilipa kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la mteja ni fedha yake uliyomlipia, na haiongezewi VAT unapomrudishia kwa kiasi kilekile. Mafuta ya gari, karatasi na vocha za simu ni matumizi ya ofisi yako. Ukizitoza zinakuwa sehemu ya malipo ya huduma yako, na VAT inazihusu.

Ushauri wangu ni kutotoza karatasi na vocha kabisa. Nimeona ankara ya milioni nne ikikwama kwa shilingi 12,000 za fotokopi. Mteja aliyelipa milioni nne haoni kwa nini ahesabiwe karatasi.

Mteja akipinga hata hivyo, nifanye nini?

Muulize ni mstari upi. Usijibu kwa jumla, usitoe punguzo kabla ya kujua. Akitaja mstari, mtumie kitu chenyewe: barua ya 6 Machi, kumbukumbu za kikao, orodha ya miamala 37. Ikiwa muda ulikosewa, rekebisha mstari huo na utoe hati ya kupunguza ankara (kredit noti) ili hesabu yako ya VAT ifuate. Punguzo lisilo na mstari linamfundisha mteja kwamba namba zako zilikuwa za kukisia, na ankara ijayo ataanza kwa kuomba tena.

Kama mteja mmoja anauliza mstari wa aina ileile mara mbili, tatizo ni maandishi yako. Mteja mmoja wa ofisi yetu kila mwezi aliuliza "kupitia faili" ni nini. Ilikuwa wakili kujikumbusha faili kabla ya kikao, kazi halali. Tukaanza kuandika "maandalizi ya kikao cha 11 Juni: kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita na hoja tatu zilizobaki." Hakuuliza tena.

Ubishi ukifika mbele ya sheria, maelezo haya yana kazi?

Yana kazi kubwa kwa mawakili. Tanzania Bara malipo ya mawakili yanaongozwa na Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali Na. 264, na gharama zinazobishaniwa hupelekwa kwa ofisa wa mahakama anayezikagua kipengele kwa kipengele. Huyo hakuwepo kwenye simu yako wala kikaoni. Anachokiona ni tarehe, tendo, muda na karatasi ya kuthibitisha. Mstari usio na karatasi nyuma yake unaweza kukatwa.

Kwa wenzetu wa Kenya, kifungu cha 48 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinamzuia wakili kumshtaki mteja kwa ada mpaka mwezi mmoja upite tangu ankara iliyosainiwa imfikie. Sheria inakubali ankara hiyo iwe ya muhtasari. Lakini muhtasari ni kwa ajili ya kuitoa tu. Mteja akiomba ikaguliwe, vipengele vitatakiwa vyote, na wakili ambaye hakuandika siku ileile atajikuta anayatafuta ya miaka miwili iliyopita kwenye barua pepe, simu moja moja.